"Kustarehe kwa Utulivu": Historia ya Kifungu Kimoja cha Mkataba wa Nyumba

Katika mikataba ya kupanga nyumba iliyoandikwa kwa Kiingereza mna kifungu kimoja ambacho ni nadra kukikosa. Ni ahadi ya mwenye nyumba kwa mpangaji wake. Tukikigeuza neno kwa neno, bila kujali kama Mswahili atakielewa, kifungu hicho husomeka hivi: "Mwenye nyumba anaahidi kwamba mpangaji, akilipa kodi iliyowekwa na kutimiza masharti yake, ataishika nyumba na kuistarehea kwa amani na utulivu, bila kukatizwa na mwenye nyumba wala mtu yeyote anayedai kwa haki kupitia kwake."

Mtu aliyezoea Kiswahili ataona mara moja kwamba sentensi hii inachechemea. Nyumba hushikwaje? Hustarehewaje? Na huo utulivu ni wa nani: wa mpangaji, wa mwenye nyumba, au wa jirani? Mfasiri anaweza kuinyoosha sentensi ikasomeka vizuri na bado akaipotosha, kwa maana kila neno kati ya hayo lina historia yake mahakamani, na historia hiyo haimo katika kamusi. Katika makala haya nakusudia kuifuata historia hiyo hatua kwa hatua, kisha nijaribu kukiandika kifungu upya kwa Kiswahili kinachosimama.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari, kisha katika chuo cha ualimu hadi nilipostaafu. Tangu hapo watu wa mtaani hapa Mombasa huniletea karatasi zao niwasomee. Mmoja wao alikuwa mama mshonaji aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ya ghorofa moja. Mwenye nyumba alikaa juu. Mkataba waliotia saini ulikuwa wa Kiingereza, na karani fulani aliwaandikia nakala ya Kiswahili ili waelewe walichokubaliana. Katika nakala hiyo kifungu chetu kilikuwa kimefupishwa hivi: "Mpangaji atakaa kwa utulivu na starehe ndani ya nyumba, bila usumbufu wa mtu yeyote."

Mama alikuwa na cherehani mbili na mashine moja ya kudarizi ya umeme. Mwenye nyumba akachoka na mngurumo wake, akamwonyesha kifungu: mpangaji atakaa kwa utulivu. Mama naye alikuwa amechoshwa na karakana ya kuchomelea vyuma iliyokuwa mlango wa pili, akamwonyesha mwenye nyumba nusu ya pili ya kifungu hicho hicho: bila usumbufu wa mtu yeyote. Basi yeye amwondoe yule fundi wa vyuma. "Mwalimu," aliniuliza, "hapa ni nani aliyevunja mkataba?"

Kwa mujibu wa asili ya Kiingereza, hapakuwa na aliyekivunja. Kifungu hakikuwa na neno lolote juu ya kelele za mashine, wala juu ya kelele za karakana. Kila mmoja alisoma nusu iliyompendeza ya tafsiri ambayo nusu zake zote mbili hazikuwa sahihi.

Tuanze na neno la utulivu. Neno la Kiingereza lililotumika hapo ni lile lile ambalo mwalimu huwaambia wanafunzi wanyamaze. Hata Waingereza wenyewe limewapoteza. Mwaka 1888, katika kesi ya Jenkins dhidi ya Jackson, jaji alilazimika kueleza kwamba katika ahadi hii neno hilo halimaanishi kutosumbuliwa na kelele. Maana yake ni kutoingiliwa katika kukaa kwako, yaani kushika ulichopewa bila mtu kukukatiza. Miaka mia na kumi na moja baadaye, mwaka 1999, suala hilo lilirudi mbele ya mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ya wakati huo, iliyokuwa sehemu ya Baraza la Malodi. Wapangaji wa nyumba za halmashauri mbili za Landani, Southwark na Camden, walilalamika kwamba kuta na sakafu zilikuwa nyembamba kiasi cha kusikia kila jambo katika maisha ya kawaida ya majirani zao. Jaji Lodi Hoffmann alirudia maelezo ya 1888, akaongeza kwamba kelele nazo zinaweza kuivunja ahadi zikiwa za kiwango cha kumzuia mpangaji asiitumie nyumba ipasavyo. Lakini wapangaji wale walishindwa. Nyumba zilikuwa hivyo tangu siku walipozipanga, na ahadi hii hutazama mbele: inamzuia mwenye nyumba kufanya jambo baadaye, haimlazimishi kuitengeneza nyumba iwe bora kuliko alivyoitoa.

Kama ahadi hii si ya ukimya, ni ya nini? Kesi mbili zinatosha kutuonyesha. Mwaka 1942, katika kesi ya Lavender dhidi ya Betts, mwenye nyumba alitaka mpangaji aondoke, naye akaenda akang'oa milango na madirisha. Mwaka 1953, katika kesi ya Perera dhidi ya Vandiyar, mwenye nyumba alikata gesi na umeme kwa nia hiyo hiyo. Mahakama ilisema wote wawili wamevunja ahadi. Hakuna aliyemshika mpangaji mkono na kumtoa nje, wala aliyepiga kelele. Walichofanya ni kuifanya nyumba isitumike. Naamini kila msomaji aliyewahi kupanga anazijua mbinu za namna hii hata kama hajasikia jina la kesi. Hilo ndilo jambo ambalo kifungu chetu kimewekwa kulizuia, na tafsiri yoyote ambayo mpangaji aliyekatiwa umeme hawezi kuitumia kujitetea haijakifasiri kifungu.

Sasa tulitazame neno la pili, la kustarehe. Kwa Kiingereza neno hili lenye asili ya Kifaransa lina maana mbili zinazokaa pamoja: kufurahia jambo, na kuwa na haki fulani mkononi na kupata faida yake. Sheria hutumia ya pili. Kiswahili chetu kina "starehe" kwa maana ya kwanza tu. Starehe kwetu ni raha, ni anasa, ni jibu la heshima kwa anayetaka kukuinukia akupishe kiti. Haijawahi kuwa haki ya kutumia mali ya mwenzako. Kwa hiyo anayeandika "mpangaji atastarehe" ameahidi jambo ambalo mwenye nyumba hawezi kulitoa, na ameacha kuahidi lile analoweza.

Wengine hukimbilia "kumiliki". Hapa hatari ni kubwa zaidi. Kumiliki kwa msomaji wa kawaida ni kuwa na mali kabisa, na hakuna mwenye nyumba atakayetia saini karatasi isemayo kwamba mpangaji ataimiliki nyumba yake. Akitia, mpangaji mjanja atajua la kufanya nayo.

Hata hivyo, pwani yetu ilikuwa na neno la jambo hili kabla Mwingereza hajafika. Katika fikihi ya Kiislamu, ambayo makadhi wetu waliitumia kwa karne nyingi, kupangisha nyumba ni ijara, na ijara huelezwa kuwa ni kuuza manufaa ya kitu huku kitu chenyewe kikibaki kwa mwenyewe. Mpangaji hanunui nyumba, ananunua manufaa ya nyumba kwa muda maalumu. Neno "manufaa" lililokuja nalo limekaa katika Kiswahili mpaka leo, na linabeba karibu kabisa kile ambacho sheria ya Kiingereza hukiita starehe. Nasema karibu kabisa kwa sababu ijara ina kanuni zake. Kwa mfano, nyumba ikibomoka, manufaa yaliyouzwa hayapo tena, na ijara huisha hapo. Mkataba wa Kiingereza wa jadi haukuwa mwepesi hivyo kumwachilia mpangaji kodi yake. Kwa hiyo tunaliazima neno bila kudai kwamba tumeazima na sheria yake. Kwa kuwa "manufaa" leo hutumika pia kwa faida ya aina yoyote, ni vyema kulifunga na kitenzi kilicho wazi: kuitumia nyumba na kupata manufaa yake.

Hapa historia ina jambo la kutufundisha ambalo mimi binafsi naliona la thamani kuliko yote. Kifungu hiki hakikufika Mombasa kutoka Landani moja kwa moja. Kilipitia India. Mwaka 1882 serikali ya kikoloni ya India ilitunga Sheria ya Uhamishaji wa Mali, na mwaka 1897 amri ya kifalme kuhusu Afrika Mashariki ikazitia sheria kadhaa za India, hiyo ikiwemo, katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Ilidumu hapa hadi ilipofutwa mwaka 2012.

Watungaji wa sheria ile ya 1882 walikuwa na tatizo linalofanana na letu. Waliandika kwa Kiingereza, lakini waliwaandikia mahakimu na wapangaji ambao wengi wao hawakukulia katika desturi za mawakili wa Landani. Wakakiweka kifungu chetu katika fungu la 108, na walipofanya hivyo waliyadondosha maneno yote mawili yenye utata. Hakuna utulivu, hakuna starehe. Fungu lile linasema tu kwamba mwenye nyumba anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba mpangaji akilipa kodi na kutimiza yaliyo juu yake, anaweza kuishika mali kwa muda wa mkataba bila kukatizwa. Basi. Yaani watu waliokuwa mahodari katika Kiingereza cha sheria waliona kwamba maneno yale mawili ni mapambo ya kale, na kwamba ahadi yote imebebwa na vitenzi viwili: kushika na kutokatizwa.

Mapambo yale yalirudi baadaye. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012, katika fungu la 65, inamwekea mwenye nyumba ahadi hii hata kama mkataba haukuitaja, na inatumia tena maneno ya amani, utulivu na kustarehe. Lakini mfasiri amekwisha kuonyeshwa njia. Akiyaacha maneno yale mawili, hakuiba kitu kutoka kwa mpangaji wala kwa mwenye nyumba.

Baada ya maneno, tutazame sarufi. Kosa lililomfikisha mama mshonaji mahali pabaya halikuwa la msamiati peke yake. Karani aliondoa mwanzo wa sentensi, ule usemao "mwenye nyumba anaahidi". Ukishauondoa, kiambishi "ta" katika "atakaa" hugeuka. Katika mikataba yetu "mpangaji atalipa", "mpangaji atasafisha", "mpangaji hatapangisha wengine" yote ni maagizo kwa mpangaji. Basi "mpangaji atakaa kwa utulivu" nalo likasomwa kuwa agizo, na haki ikageuka kuwa wajibu wa yule yule iliyekusudiwa kumlinda. Kwa hiyo kifungu hiki lazima kianze na jina la anayeahidi, hata kama kitarefuka.

Kuna pia lile neno "akilipa". Kiingereza cha mikataba hii hutumia hapa umbo la kitenzi lisilosema waziwazi kama kulipa ni sharti au ni jambo linaloendelea sambamba. Wapenzi wa sarufi watafurahi kuona kwamba "ki" yetu ina utata ule ule: "akilipa" ni "kama atalipa", na pia ni "wakati analipa". Je, mpangaji aliyechelewesha kodi amepoteza ahadi hii, hata mwenye nyumba aweze kumkatia maji? Mwaka 1885, katika kesi ya Edge dhidi ya Boileau, mahakama ya Uingereza ilijibu kwamba hapana. Maneno yale ya kulipa si sharti la kutangulia, na mwenye nyumba anayedai kodi yake ana njia nyingine za kuidai. Sheria yetu ya 2012 hutumia neno lililo karibu zaidi na "maadamu", lakini anayefasiri mkataba hufasiri karatasi iliyo mbele yake. Ikiwa karatasi imetumia lile umbo la zamani, mimi huandika "huku akilipa". Neno "huku" huielemeza "ki" upande wa mambo yanayokwenda pamoja, bila kuandika "iwapo" ambalo asili haina.

Linalobaki ni swali la mtu: bila kukatizwa na nani? Sheria ya India ilinyamaza hapa. Mkataba wa Kiingereza haunyamazi. Unataja makundi mawili tu, yaani mwenye nyumba mwenyewe, na mtu ambaye kwa haki anadai kupitia kwake. Kundi la pili ni la watu ambao haki yao imetoka mikononi mwa mwenye nyumba, kama vile aliyeinunua nyumba kutoka kwake, mrithi wake, au mpangaji wake mwingine anayetumia haki aliyopewa. Fundi wa vyuma wa mlango wa pili hakupewa chochote na mwenye nyumba. Mwizi hadai kwa haki. "Mtu yeyote" ya karani iliwaingiza wote hao ndani ya ahadi, na kumfanya mwenye nyumba awe mlinzi wa mpangaji dhidi ya dunia nzima.

Wapo pia walio juu yake, na hapa Mombasa inatupa mfano ambao Waingereza hawakuufikiria. Katika mitaa yetu ya zamani kuna nyumba nyingi zisizo na ardhi: nyumba ni ya mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja. Tuseme mwenye nyumba wa namna hii amekupangishia chumba, kisha mwenye kiwanja akaja kudai ardhi yake kwa haki, na mahakama ikakubaliana naye. Wewe umekatizwa. Lakini mwenye kiwanja hadai kupitia kwa mwenye nyumba. Haki yake ilikuwapo kabla, na imekaa juu ya ile ya mwenye nyumba. Ahadi yenye mipaka ya makundi mawili haikufikii hapo. Mpangaji aliyesoma "bila usumbufu wa mtu yeyote" atalala akijua kwamba amekingwa, na siku ya mashaka atafunguliwa karatasi ya Kiingereza aambiwe hakukingwa. Tafsiri iliyompa zaidi ya alichokuwa nacho imemdhuru, kwa kuwa angejua mapema angeuliza kiwanja ni cha nani kabla ya kutoa pesa.

Neno lenyewe la kukatizwa nalo nimelipima. "Kusumbuliwa" ni pana mno, maana hata mbu husumbua. "Kuingiliwa" lina maana sahihi likisemwa juu ya mambo ya mtu, lakini likisemwa juu ya mtu mwenyewe lina maana nyingine ambayo hatuitaki katika mkataba. "Kufukuzwa" ni finyu, kwani wale wa 1942 na 1953 hawakumfukuza mtu kwa mkono. "Kukatizwa" linashika aliyekatiwa umeme na aliyeng'olewa mlango, nalo "kuzuiwa" linashika aliyebadilishiwa kufuli.

Kwa hiyo kifungu ninachokipendekeza ni hiki:

"Mwenye nyumba anamwahidi mpangaji kwamba mpangaji, huku akilipa kodi iliyowekwa na kutimiza masharti yanayomhusu, ataikalia nyumba, ataitumia na kupata manufaa yake kwa muda wote wa mkataba huu, bila kukatizwa wala kuzuiwa na mwenye nyumba, wala na mtu mwingine yeyote mwenye haki iliyotokana na haki ya mwenye nyumba."

Kimezidi kile cha karani zaidi ya mara tatu kwa urefu, wala hakina mvuto wa "utulivu na starehe". Lakini mtu akikisoma kwa sauti mbele ya wenye mkataba, anaweza kuulizwa maswali matatu na kuyajibu yote kutoka humo humo: nani anaahidi, anaahidi nini, na dhidi ya nani. Nilipomsomea mama mshonaji na mwenye nyumba wake, waliona wenyewe kwamba mashine hazimo. Wakakubaliana juu ya saa za kushona, wakaziandika katika karatasi ya peke yake, na fundi wa vyuma akabaki kuwa shauri la kupelekwa kwa fundi wa vyuma.

Neno moja bado halijaniridhisha, nalo ni "ataikalia". Siku hizi watu husema ardhi "imekaliwa" wakimaanisha imevamiwa, na harufu hiyo haifai katika ahadi ya halali. "Atakaa ndani yake" halifai kwa duka au ghala, ambamo hapakaliwi na mtu bali na bidhaa. Nimejaribu "atakuwa nayo mikononi", nikaona inaelekea kwenye ushairi kuliko kwenye mkataba. Wenye Kiswahili cha Lamu, Pemba na Mrima huenda wanalo neno la kukiweka kitu cha mwenzako chini ya mkono wako kwa haki na kwa muda, bila kuwa mwenyewe na bila kuwa mvamizi. Alijuaye na alitaje, nami nitalitia mahali pake.